Ukiona 54, Soma Mstari wa Cipher

Ndugu mafundi, asanteni kwa kufika. Muda niliopewa nitautumia kwa amri moja tu ya Windows, kwa sababu nikianza kutaja kila programu ya kupimia waifai tutatoka hapa na majina mengi na hakuna atakayejua asome nini.

Mteja akipiga simu kulalamika kwamba intaneti inasuasua, kawaida fundi humuuliza, "Uko kwenye waifai gani?" Mteja hutaja jina, fundi huridhika. Lakini jina ndilo jambo dogo kuliko yote ambayo kompyuta inayajua kuhusu mtandao iliounganishwa nao. Kompyuta hiyo hiyo inajua imeunganishwa na kifaa kipi hasa, kwa ulinzi wa aina gani, kwenye chaneli ipi, na kwa kasi gani waliyokubaliana. Yote hayo yamo ndani ya skrini moja, na yakisomwa kwa pamoja hujibu maswali ambayo kipimo cha kasi cha mtandaoni hakiwezi kuyajibu.

Fungua dirisha la amri: bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, bonyeza Enter. Kisha andika hivi:

```
netsh wlan show interfaces
```

Tuseme tumeketi mbele ya kompyuta ya ofisi, Windows 10, na ofisi inalipia intaneti ya megabiti 40 kwa sekunde. Watumiaji wanasema hawajawahi kuona zaidi ya 22. Mistari inayotuhusu ndiyo hii:

```
State                  : connected
SSID                   : Ofisi-Juu
BSSID                  : 00:00:5e:00:53:01
Radio type             : 802.11g
Authentication         : WPA-Personal
Cipher                 : TKIP
Channel                : 6
Receive rate (Mbps)    : 54
Transmit rate (Mbps)   : 54
Signal                 : 88%
Profile                : Ofisi-Juu
```

Jibu la malalamiko ya ofisi hii limo humo ndani, na halihusu kampuni ya intaneti hata kidogo. Ila tusilirukie. Tushuke mstari kwa mstari.

Mstari wa `SSID` ni jina la mtandao kama ruta inavyolitangaza hewani. Jina hili huwa na urefu wa hadi baiti 32, herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti, na nafasi tupu mwishoni nayo huhesabiwa. Kwa hiyo `Ofisi-Juu` na `ofisi-juu` ni mitandao miwili, hata kama machoni pa mtumiaji ni kitu kimoja. Tena hakuna anayesajili majina haya popote. Jirani wa ghorofa ya chini akiamua kuita ruta yake `Ofisi-Juu`, hakuna wa kumzuia.

Hapa pana mtego ambao huwapoteza hata wazoefu. Jina linaloonekana kwenye orodha ya mitandao katika Windows si lazima liwe SSID. Unaweza kuona `Ofisi-Juu 2` ukadhani kuna ruta ya pili. Windows huweka kumbukumbu yake yenyewe ya mitandao, na ikikutana na jina ililokwisha kulijua lakini nyuma yake kuna ruta nyingine, huongeza namba mwishoni ili isichanganye kumbukumbu zake. Namba ile haipo hewani na hutaikuta kwenye mipangilio ya ruta. Ukitaka jina la kweli, ni mstari wa `SSID` kwenye amri yetu. Mstari wa `Profile` chini kabisa ni kitu cha tatu tena: ni jina la kumbukumbu iliyohifadhi nenosiri na aina ya ulinzi ndani ya kompyuta. Mara nyingi hufanana na SSID, ila kumbukumbu hiyo tutairudia baadaye kwa sababu ina kiburi chake.

`BSSID` ndiyo inayokutajia kifaa chenyewe. Ni jozi sita za tarakimu na herufi, na kila redio ya ruta ina yake. Ruta yenye masafa mawili huwa na BSSID mbili hata kama imetangaza jina moja. Ofisi yenye visambaza waifai vinne vyenye jina moja itakuwa na BSSID nne au nane. Kwa hiyo watu wawili wakikwambia wote wako `Ofisi-Juu`, mmoja intaneti yake inakimbia na mwingine inatambaa, linganisha BSSID zao kwanza. Kwenye Windows 11 za karibuni mstari huu umeandikwa `AP BSSID`, maana ni ile ile.

Sasa ulinzi. Unasomwa kwa mistari miwili, na kosa la kawaida ni kusoma mmoja. `Authentication` inakueleza jinsi kifaa kinavyojitambulisha kwa ruta. `Cipher` inakueleza data inafichwa kwa njia gani baada ya kutambuliwa. Kwa mfano wetu, kujitambulisha ni WPA-Personal, yaani nenosiri moja kwa wote chini ya utaratibu wa WPA wa kwanza, na kuficha ni TKIP.

Ili muone kwa nini TKIP inatuhusu, lazima niguse historia kidogo. Ulinzi wa kwanza wa waifai uliitwa WEP, na mwaka 2001 watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha udhaifu mkubwa katika namna ulivyotumia kanuni ya kuficha iitwayo RC4. Vifaa vilikuwa vimekwisha kuuzwa kwa wingi, na huwezi kuwaambia watu watupe kadi zao zote. Ndipo mwaka 2003 ikaja WPA ikiwa na TKIP, ambayo kwa kweli ni kiraka: iliundwa ili iingizwe kwenye kadi zile zile za zamani kwa kubadili programu tu, na ndani yake bado ilitumia RC4. Dawa yenyewe ikafuata mwaka 2004, WPA2 pamoja na njia ya kuficha inayojengwa juu ya AES. Njia hiyo Windows huiandika `CCMP`, wakati kurasa za mipangilio ya ruta huiandika AES. Ni kitu kimoja, na mafundi wengi wamehangaika wakitafuta CCMP kwenye ruta wasiione. Mwaka 2018 ikaja WPA3, ambayo imebadili hasa namna ya kujitambulisha. Kwa nenosiri la kawaida la nyumbani, WPA3 nayo huonyesha `CCMP` kwenye mstari wa pili.

Viwango vya 802.11n vilipotolewa mwaka 2009 viliweka sharti: kasi zake za juu haziruhusiwi kutumika pamoja na WEP wala TKIP. Kadi ya kisasa na ruta ya kisasa zikikubaliana kufichana kwa TKIP, hulazimika kurudi kwenye kasi za enzi ya 802.11g. Na kasi ya juu kabisa ya 802.11g ni 54. Ndiyo maana `Radio type` hapo juu inasema `802.11g`, ingawa ruta ina antena mbili na boksi lake limeandikwa namba kubwa ya 300. Mtu aliyechagua TKIP kwenye ruta miaka hiyo hakujua kwamba anachagua pia kasi.

Lakini 54 si ni zaidi ya 40? Mbona ofisi inapata 22? Hapa ndipo pa kuelewa namba hizi mbili, `Receive rate` na `Transmit rate`. Ya kwanza ni kasi ya kutoka kwenye ruta kuja kwenye kompyuta, ya pili ni kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye ruta. Zote ni kasi ambayo redio mbili zimekubaliana kutumia zinaposema. Si kasi ya intaneti, wala si kasi ya kunakili faili. Hewani anasema mmoja kwa wakati, kila kifurushi husubiri zamu, na baada ya kila kifurushi hutumwa jibu la kukiri kwamba kimefika. Muda wote huo huliwa na taratibu. Kwenye 802.11g, kinachobaki kwa data halisi ni kama megabiti 20 hadi 25 kwa sekunde, na hapo ni pale unapokuwa peke yako. Kwa hiyo 22 ya ofisi ile si ya ajabu. Ndiyo 54 yenyewe baada ya kulipa gharama zake.

Bado kuna njia ya kujidanganya: kudhani kasi imeshuka kwa sababu kompyuta iko mbali. Mstari wa `Signal` unaikataa hoja hiyo. Windows hupima mawimbi kwa asilimia ambapo 0 ni sawa na -100 dBm na 100 ni sawa na -50 dBm, na kati yake ni mstari ulionyooka. Hiyo dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, na namba ikikaribia sifuri mawimbi ni mazuri zaidi. Hesabu yake ni rahisi: gawa asilimia kwa mbili, kisha toa 100. Asilimia 88 kwa mbili ni 44, toa 100 unapata -56 dBm. Hayo ni mawimbi mazuri sana. Ukikuta asilimia 30, yaani -85, basi kasi ndogo ina sababu ya umbali au ukuta wa zege, na huna haja ya kushuku ulinzi kwanza. Kwenye -56 kasi haibanwi na umbali. Kuna kitu kingine kinachoibana, na tumekwisha kukiona. Angalizo dogo: asilimia hii hutegemea draiva ya kadi, kwa hiyo usilinganishe kompyuta mbili za kadi tofauti ukagombania asilimia tatu au nne.

Kabla hujagusa ruta, hakikisha si sababu nyingine, kwa maana 54 ina mama zaidi ya mmoja. Andika:

```
netsh wlan show drivers
```

Tafuta mstari wa `Radio types supported`. Kama haujataja 802.11n wala kingine kipya zaidi, kadi yenyewe ni ya zamani na hakuna mpangilio utakaoifufua. Kama umetaja, kadi haina hatia. Kisha tazama tena `Cipher`. Ikiwa 54 iko pamoja na `CCMP`, TKIP haihusiki, na hapo kuna washukiwa wawili kwenye ruta: imewekwa ifanye kazi kwa 802.11g tu, au mtu amezima WMM. WMM ni utaratibu wa kupanga foleni ya vifurushi kwa umuhimu, na 802.11n inautegemea. Ukizimwa, unarudi 54 vile vile. Watu huuzima wakidhani wanaongeza kasi kwa sababu maelezo yake yanahusu video na sauti.

Kwa mfano wetu kadi inakubali 802.11n na `Cipher` ni `TKIP`. Kesi imekwisha, tunaenda kwenye ruta. Andika `ipconfig`, soma mstari wa `Default Gateway`, na uandike anwani hiyo kwenye kivinjari. Fanya kazi hii ukiwa umeunganishwa kwa waya. Ukibadili ulinzi wa waifai ukiwa juu ya waifai hiyo hiyo, utakatwa katikati ya kazi na hutajua kama mabadiliko yalihifadhiwa. Kwenye ukurasa wa waifai nenda sehemu ya usalama, chagua `WPA2-PSK` na `AES`, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama ruta inao na vifaa vyenu vinaukubali. Acha jina na nenosiri kama vilivyo.

Kuna chaguo la tatu ambalo huwavutia wengi, `TKIP+AES`. Linaonekana la busara kwa kuwa halimwachi mtu nyuma. Ni kweli kompyuta mpya itachagua AES na kupata kasi yake, lakini ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja utaendelea kufichwa kwa TKIP ili kile kifaa kizee kiusikie, na mlango wa WPA ya zamani unabaki wazi. Ni maoni yangu kwamba chaguo hili ni la wiki moja ya mpito, si la kudumu. Kama kinachokushikilia ni printa ya mwaka 2005, ivutie waya.

Sasa ile kumbukumbu yenye kiburi. Umebadili ruta, simu zote zimerudi, lakini kompyuta hii inakataa kuunganishwa ingawa nenosiri ni lile lile. Sababu ni kwamba Windows haikuhifadhi nenosiri peke yake. Ilihifadhi pia kwamba `Ofisi-Juu` ni mtandao wa WPA na TKIP, na inautafuta huo ambao haupo tena. Futa kumbukumbu, kisha unganisha upya:

```
netsh wlan delete profile name="Ofisi-Juu"
```

Tabia hii inakera siku kama ya leo, lakini ina faida yake. Mtu akitega ruta yenye jina `Ofisi-Juu` bila nenosiri lolote, kompyuta haitajiunganisha nayo yenyewe, kwa sababu kumbukumbu inasema `Ofisi-Juu` lazima iwe na ulinzi. Hatari ni pale mtumiaji anapoibofya kwa mkono wake. Ukikuta mstari wa `Authentication` unasema `Open` mahali ambapo jana ulisema `WPA2-Personal`, kata muunganisho kwanza, maswali baadaye. Wala usijitetee kwamba BSSID ni ile ile unayoijua. BSSID hutangazwa hewani bila kificho, na mwenye nia mbaya anaweza kuinakili kama anavyonakili jina. Asichoweza kunakili ni nenosiri asilolijua.

Ukitaka kuona kilichohifadhiwa ndani ya kumbukumbu, ipo amri ya `netsh wlan show profile` pamoja na jina la mtandao. Tofauti yake na ya kwanza ni kwamba hii inakuonyesha yaliyoandikwa, ile inakuonyesha yanayotumika sasa hivi. Wapo wanaopenda kuongeza `key=clear` mwishoni, ambayo hutoa nenosiri kwa herufi zinazosomeka, kisha wanapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada. Jamani! Kwa kazi yetu ya leo nenosiri halihitajiki hata mara moja.

Turudi ofisini. Baada ya kuunganisha upya tunaandika tena amri ya kwanza, na mistari iliyobadilika ni hii:

```
Radio type             : 802.11n
Authentication         : WPA2-Personal
Cipher                 : CCMP
Channel                : 6
Receive rate (Mbps)    : 144.4
Transmit rate (Mbps)   : 130
Signal                 : 88%
```

Mawimbi ni yale yale, chaneli ni ile ile, ruta ni ile ile, na hatujanunua kitu. Namba 144.4 nayo inazungumza. Kwa 802.11n kwenye chaneli ya upana wa megahezi 20, mkondo mmoja wa data hufika juu kabisa kwenye 72.2, na mikondo miwili kwenye 144.4. Kwa hiyo tumejua kwamba kompyuta hii na ruta zinatumia antena mbili, na zimefika kileleni kwa upana huo. Ukiona kompyuta nyingine imekwama kwenye 72.2 ilhali mawimbi yake ni mazuri, ina mkondo mmoja, na hapo hakuna cha kurekebisha. Hiyo 130 ya upande wa pili ni mikondo hiyo hiyo miwili ikiacha mwanya mrefu kidogo kati ya alama na alama, si dalili ya tatizo. Na 300 ya kwenye boksi? Hiyo ni mikondo miwili kwenye chaneli ya megahezi 40, upana ambao kwenye masafa ya gigahezi 2.4 unawavamia majirani wote.

Soma namba hizi wakati kuna kitu kinapakuliwa. Kompyuta iliyotulia hupunguza kasi ili kuokoa betri, na baadhi ya draiva huripoti kasi ya kifurushi cha mwisho tu, ambacho huenda kilikuwa cha salamu. Watu wameona 6 au hata 1 kwenye skrini wakashtuka, kumbe hakuna kilichokuwa kinapita.

`Channel` inakwambia masafa. Namba 1 hadi 13 kwa kawaida ni masafa ya 2.4, na 36 kuendelea ni masafa ya 5. Kanuni hii imeanza kuvunjika kwa ruta mpya za masafa ya 6, kwa kuwa nazo huanza kuhesabu kutoka 1. Ndiyo maana Windows 11 za karibuni zimeongeza mstari wa `Band`. Kama upo, usome huo.

Amri hii ina siku zake za kugoma. Ikisema huduma ya `wlansvc` haifanyi kazi, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi na uandike `net start wlansvc`. Ikisema hakuna kabisa kadi ya waifai kwenye mfumo, shuku draiva, au kompyuta ya mezani ambayo haijawahi kuwa nayo. Ikionyesha `Software Off`, mtu amewasha hali ya ndegeni. Kwenye Windows iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Kongo na Burundi, lebo huandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mwenye kutunga skripti ya kutafuta neno `Authentication` asishangae ikirudi mikono mitupu.

Ila mgomo unaowasumbua watu zaidi siku hizi ni wa Windows 11 toleo la 24H2. Unaandika amri na unajibiwa kwamba inahitaji ruhusa ya mahali ulipo. Wengi wanadhani ni virusi. Si virusi. BSSID za ruta zimekwisha kuchorwa kwenye ramani na kampuni kubwa, kwa hiyo programu inayojua BSSID uliyo nayo inaweza kujua mtaa uliopo bila kukuuliza. Microsoft wakaamua kuifunga nyuma ya ruhusa. Fungua `Settings`, kisha `Privacy & security`, kisha `Location`. Washa `Location services`, na chini yake uwashe ruhusa ya programu za mezani. Amri itajibu.

Android ilitangulia kufanya hivyo miaka mingi. Programu isiyo na ruhusa ya mahali, au simu ambayo mahali pamezimwa, hupewa jina `<unknown ssid>` na BSSID `02:00:00:00:00:00`. Ukiona mbili hizo, programu ya kupimia haijaharibika na mtandao haujafichwa. Ruhusa ndiyo haipo. Kwenye mipangilio ya simu yenyewe taarifa huonekana bila ruhusa hiyo: fungua waifai, gusa alama ya gia kando ya jina, na utakuta aina ya ulinzi, masafa na kasi. iPhone ni bahili zaidi. Haikuonyeshi kasi, lakini ikikuta TKIP itaandika chini ya jina kwamba ulinzi ni dhaifu, na hilo peke yake linakutosha kwenda kwenye ruta.

Wenye Linux watumie `iw dev wlan0 link`, wakibadili `wlan0` kwa jina la kadi yao. Itatoa jina, BSSID, masafa kwa megahezi, mawimbi kwa dBm moja kwa moja, na kasi. Ulinzi haitoi, huo unautafuta kwa `nmcli dev wifi`. Hapo mjihadhari: safu ya `RATE` ya `nmcli` ni kasi ya juu ambayo ruta inajitangazia. Si kasi mliyo nayo.

Nimalizie na kisa ambacho skrini hii haikionyeshi. Kompyuta ina `CCMP`, ina 144.4, ina mawimbi asilimia 95, na bado intaneti inatambaa. Kila kilichosomwa hapa ni kuhusu hatua moja tu ya hewani, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kifaa chenye ile BSSID. Na mara nyingi kifaa hicho si ruta. Ni kile kiongeza mawimbi kidogo cha kuchomeka ukutani, kimewekwa mita mbili kutoka mezani, kikiwa chenyewe kimeshika ruta kwa taabu kutoka chumba cha tatu. Mtumiaji anaona mistari imejaa na anaapa waifai ni nzuri. Naye hakosei, kwa upande wake wa kiongeza mawimbi.

Linganisha BSSID ya kwenye skrini na namba iliyobandikwa chini ya ruta. Zikitofautiana kidogo ni sawa, kwa kuwa redio za kifaa kimoja hutofautiana kwa tarakimu chache. Lakini zikiwa mbali kabisa, umeshika kifaa kingine. Kisha pima njia nzima hadi kwenye ruta, ukiweka anwani uliyoisoma kwenye `Default Gateway`:

```
ping -n 20 192.168.1.1
```

Majibu yakirudi yote 20 kwa milisekunde chache, waifai yenu haina kosa, na sasa mna haki ya kuipigia kampuni ya intaneti. Yakirudi kwa mamia ya milisekunde, au mawili matatu yakapotea njiani, kichomoeni kile kiongeza mawimbi na mkisogeze nusu ya njia kuelekea kwenye ruta, kisha mpime tena. Asilimia ya `Signal` mezani itashuka. Iacheni ishuke, mradi `ping` inanyooka.